Kupima Maneno ya Anayepima Ubongo

Mtu aliyepimwa hospitalini hasemi anakwenda kuchukua ripoti. Anakwenda kuchukua majibu. Neno hilo limeenea kuanzia maabara ya malaria hadi chumba cha eksirei, nami nadhani ndilo jina bora tulilonalo kwa maandishi anayoyatoa mtaalamu wa saikolojia ya ubongo baada ya kumpima mtu kumbukumbu, umakini na lugha. Ripoti ni mkopo usiodai kitu. Mtu anaweza kuripoti lolote, hata pasipo aliyeuliza. Taarifa, tuliyoipata kwa Waarabu, ni kujulisha tu. Jibu halisimami bila swali, na mwanagenzi anayejifunza kuandika ripoti hizi hukosea hapo kuliko pengine popote: huandika kurasa 8 za matokeo bila kujibu aliloulizwa.

Swali lenyewe huletwa na rufaa. Neno hili lina ndani yake maana ya kupandisha: mahakamani shauri hupandishwa ngazi, na hospitalini mgonjwa hupandishwa vivyo hivyo. Kichwa cha kwanza cha ripoti kwa kawaida huwa "Sababu ya rufaa", na chini yake mwanagenzi huandika "kusahau". Hiyo ni sababu, lakini haiulizi kitu. Napendekeza kichwa kiwe "Swali la rufaa", ili kimlazimishe mwandishi kuweka alama ya kuuliza. Tuchukue mfano wa kubuni utakaotufuata hadi mwisho: mwalimu mstaafu wa miaka 63, amefiwa na mumewe mwaka uliopita, ameletwa na mwanawe kwa kuwa anasahau. Swali la daktari ni hili: je, ni dimenshia inayoanza, au ni sonona? Kila neno litakaloingia katika ripoti lipimwe kwa swali hilo.

Sehemu ya pili huitwa "Historia". Sina ugomvi na neno hilo, kwani wauguzi na madaktari wamelizoea. Ugomvi wangu ni kwa vitenzi vinavyolifuata. "Mgonjwa analalamika kusahau" ni tafsiri ya kikliniki, na Kiswahili kinaisikia vibaya: anayelalamika ananung'unika, na pengine hana haki ya kunung'unika. "Anadaiwa kusahau" inampeleka kizimbani. "Inasemekana anasahau" ni umbea. Tunalo "anaeleza" kwa maneno yake mwenyewe, na "kwa mujibu wa mwanawe" kwa maneno ya mwingine. Tofauti hizi si pambo. Historia ni yale yaliyosemwa, na msomaji ana haki ya kujua kila sentensi imesemwa na nani, maana mwana na mama mara nyingi hawasemi jambo moja.

Kisha "kusahau" penyewe. Hapa lugha yetu ni tajiri kuliko fomu nyingi za kliniki, na ni hasara kuandika neno moja pale tulipo na matatu. Aliyesahau alikuwa nacho kikamtoka. Aliyeghafilika hakuwa nacho tangu mwanzo, kwa sababu akili ilikuwa kwingine. Neno hili ni ndugu wa "ghafla", yote mawili yakitoka kwenye hali ya kutokuwa macho. Aliyepitiwa amepitwa na jambo kama anavyopitiwa na usingizi, na likitajwa hulitambua papo hapo. Mwanawe anasema, "Mama anasahau, juzi ameunguza maharage." Mama anasema, "Nilipitiwa tu." Mwanagenzi asichague upande. Aulize lile linalotenganisha maneno haya: je, ukimdokeza, linarudi?

Kudokeza ndilo neno ninalolipendekeza kwa ule msaada mdogo anaopewa mtu ili akumbuke. Wengine huandika "kiashiria" au "kichocheo", lakini kiashiria ni cha barabarani, na kichocheo ni cha kemia. Dokezo ni nusu ya habari inayoiita nusu nyingine, na swali zima la daktari limesimama juu yake. Katika ugonjwa wa Alzaima unaoanza, jambo jipya halikai. Hata ukidokeza, mara nyingi hakuna cha kuitwa. Katika sonona jambo huwa limekaa, ila njia ya kulitoa imekuwa nzito, na dokezo hulileta. Anayeandika "anasahau" pasipo kusema kama alidokezwa ameufunga mlango ambao swali lilipaswa kupitia.

Historia pia ina mahali pa maisha ya kila siku, na hapo fomu husema "utendaji kazi". Kwa mstaafu maneno hayo hayana pa kushika. Afadhali "shughuli za kujitegemea", kisha shughuli zenyewe kwa majina: anapika, anapanda daladala peke yake, anatunza daftari la kikoba na hesabu zake hazijakosewa. Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko malalamiko yote ya nyumbani, kwa sababu dimenshia haiitwi dimenshia mpaka shughuli za kujitegemea zimeharibika. Dawa nazo zitajwe kwa majina. Mwalimu wetu hunywa amitriptilini kila usiku kwa ajili ya maumivu ya miguu na usingizi. Tuliweke hilo kando kidogo.

Sehemu ya tatu huandikwa "Tabia". Hapa nasimama imara. Tabia, kwa asili yake ya Kiarabu, ni maumbile ya mtu, yale yaliyotulia ndani yake. Ndiyo maana tunasema tabianchi kwa hali ya miaka mingi, na hali ya hewa kwa mvua ya leo. Saa tatu za upimaji ni mvua ya leo. Ukiandika "Tabia: mzito, mwenye huzuni", umemhukumu mtu kwa asubuhi moja. Neno linalofaa ni mwenendo, lililotoka katika kuenenda: jinsi alivyokwenda wakati wa kupimwa, basi. Kichwa kiwe "Mwenendo wakati wa upimaji".

Chini ya kichwa hicho kuna sentensi ningependa kuistaafisha: "Alitoa ushirikiano mzuri." Imetoka kituo cha polisi na haimwambii daktari lolote. Mwenendo ni yaliyoonekana, hivyo yaandikwe kama yalivyoonekana. Mwalimu alisema "sijui" mara nyingi kabla swali halijaisha. Mpimaji aliponyamaza bila kuhamia swali jingine, jibu sahihi likaja. Alisimulia msiba wa jirani wa wiki iliyotangulia kwa kufuata mtiririko, nani alifika na nani hakufika. Alilia alipotajiwa mumewe. Hayo yote hayajatafsiriwa bado, na yasitafsiriwe hapo. Yatasubiri alama.

Lakini kabla ya alama kuna jina la kitu chenyewe. Je, ni mtihani, kipimo, jaribio au zoezi? Mtihani kwa Kiswahili ni wa darasani, na pia ni balaa: aliyefiwa na kuunguliwa nyumba amepewa mitihani. Ukimwambia mwalimu mstaafu kwamba anafanya mtihani, umemrudisha mbele ya ubao akiwa upande usio wake, na hofu hiyo inaweza kumshushia alama. Jaribio linabeba shaka, kama kwamba yeye ndiye anayejaribiwa kitu kipya. Napendekeza maneno mawili kwa sehemu mbili: "zoezi" ndani ya chumba, mbele ya mpimwaji, "kipimo" ndani ya ripoti, mbele ya daktari. Na vitenzi "alifaulu" na "alifeli" vibaki kwa watahini. Hakuna anayefeli kumbukumbu.

Alama ghafi ni istilahi nzuri iliyokwisha kukomaa. Tunamsikia ndugu yake katika malighafi. Ni hesabu kama ilivyotoka, kabla ya kuchakatwa. Mwalimu alisomewa orodha ya maneno 15 mara tano, na kila mara akataja aliyoyakumbuka: 3, kisha 5, 6, 8 na 9. Baada ya nusu saa alitaja 7. Alipotajiwa maneno mchanganyiko aseme lipi lilikuwamo, alitambua 14 kati ya 15, akakosea kwa kuongeza moja tu lisilokuwamo. Hizo zote ni ghafi, na ghafi hazisemi kama ni nyingi au chache.

Zinapolinganishwa na za watu wa umri wake huitwa "alama sanifu". Hapo nasita. Usanifu kwetu umeshikana na Kiswahili sanifu, yaani kilicho sahihi, na anayesoma "alama sanifu" anaweza kudhani nyingine zina kasoro. Kinachofanyika ni kulinganisha tu, kwa mizani ambayo katikati yake ni 100. Basi iwe "alama linganishi", na waliolinganishwa nao waitwe "kundi la kulinganishia". Jina hilo lina faida ya kuchokoza swali: kundi lipi? "Viwango vya kawaida", tafsiri iliyozoeleka, hulificha swali hilo, kana kwamba kawaida ni moja duniani.

Na lugha hii hasa ina sababu ya kuuliza. Hesabu tarakimu zetu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Kila moja, hata "nne", ina silabi mbili. Kwa Kiingereza karibu zote zina silabi moja. Zoezi la kurudia tarakimu kwa kufuatana hutegemea muda wa kuzitamka, hivyo Mswahili hubeba mzigo mrefu zaidi kwa idadi ileile. Zoezi jingine humtaka mtu ataje, kwa dakika moja, maneno mengi yanayoanza na herufi fulani. Ukichagua K kwa Kiswahili, umempa kila kitenzi kilichomo katika lugha, kuanzia kuamka hadi kuzikwa. Watafiti waliotengeneza kipimo kifupi cha IDEA wilayani Hai, Kilimanjaro, waliuliza majina ya wanyama badala ya herufi, na mahali pa kuchora wakaweka umbo la kujengwa kwa njiti za kiberiti, ili asiyewahi kushika kalamu asihukumiwe kwa kalamu. Mwanagenzi anayetumia alama za kundi la ng'ambo hana budi kulitaja kundi hilo waziwazi ndani ya ripoti.

Sasa neno linaloumiza wengi: asilimia. Alama linganishi hugeuzwa kuwa nafasi, ili ijulikane mtu amewapita wangapi kati ya 100. Kwenye zoezi la kasi mwalimu alipata alama linganishi 78, ambayo ni sawa na nafasi ya 7. Mwanagenzi akaandika "alipata asilimia 7". Mwana wa mwalimu, naye akiwa amesoma, ataelewa kwamba mama yake alipata majibu 7 sahihi kati ya 100, na nyumba nzima italia. Sikubali pia "pasentaili", ambayo ni sauti tu. Napendekeza "nafasi katika mia": yuko nafasi ya 7 katika mia, kuanzia chini. Neno nafasi tunalijua tangu shuleni, ila shuleni wa kwanza ndiye bora. Kwa hiyo maneno "kuanzia chini" yasiachwe kamwe.

Alama zikishapata nafasi, hupewa sifa. Mwaka 2020 chama cha Marekani cha wanasaikolojia tiba wa ubongo kilichapisha makubaliano kuhusu majina ya ngazi hizo, kikisisitiza kwamba jina ni la alama wala si la mtu. Hiyo ni hekima inayohitaji nahau ya Kiswahili. Tusiandike "kumbukumbu dhaifu" kwa sababu ya namba moja. Tuandike "alama iko chini ya wastani". Udhaifu ni hukumu inayokuja baadaye, baada ya ushahidi wote, kama itakuja.

Lakini ngazi zenyewe zina mtego wa kwetu. Nafasi ya 9 hadi 24 hutafsiriwa "wastani wa chini", na nafasi ya 2 hadi 8 "chini ya wastani". Soma tena kwa sauti. Maneno ni yaleyale, yamebadilishana viti, na daktari mwenye foleni mlangoni hatayatofautisha. Ngazi ya kwanza ni ya watu wengi wazima kabisa. Ya pili inataka kuangaliwa. Napendekeza "ukingoni mwa wastani" kwa ile ya kwanza. Aliye ukingoni bado yumo. Kumbukumbu ya mwalimu baada ya nusu saa ilikuwa alama linganishi 85, nafasi ya 16: ukingoni. Kasi yake, nafasi ya 7, ilikuwa chini. Sasa hazichanganyiki.

Tumefika kwenye kazi ngumu kuliko zote, na jina lake halijatulia. Wengine husema "kuunganisha matokeo". Kuunganisha ni kutia gundi, na ndivyo waandishi wachanga wanavyofanya: aya ya historia, aya ya mwenendo, aya kwa kila kipimo, zimegandana bila kujuana. "Kujumuisha" ni kukusanya. Neno ninalolitaka ni kuoanisha. Ndani yake mna kuoana, na vitu hujaribiwa kama vinaoana. Wakati mwingine havioani, na hilo nalo hutamkwa kwa Kiswahili chepesi: hayaoani.

Tuoanishe. Mwana anasema mama anasahau. Kipimo kinaonyesha alijifunza polepole, lakini katika maneno 9 aliyoyapata alibaki na 7, na maneno yalipotajwa akatambua karibu yote. Historia inasema anasahau, alama zinasema anachelewa kutoa. "Sijui" za haraka, zilizofuatwa na majibu sahihi, zinaoana na hilo. Msiba wa jirani alioueleza vizuri unaoana. Daftari la kikoba linaoana. Kasi ya chini inaoana na sonona, na inaoana pia na amitriptilini, dawa inayojulikana kwa kufifisha umakini na kumbukumbu, hasa umri unaposogea. Maharage yaliyoungua hayaamui lolote: aliyesahau na aliyeghafilika huunguza sawa. Kipimo kimoja tu kingesomwa peke yake, ile nafasi ya 7, mtu huyu angerudishwa nyumbani na jina la ugonjwa ambao haujathibitishwa.

Kisha jibu, nalo lina vipimo vyake vya uhakika. Kiswahili kina ngazi nzuri ambayo fomu hazijaitumia: labda, huenda, yamkini, yaelekea, ni dhahiri. Labda ni ya anayekisia. Huenda inakiri kwamba jambo linawezekana. Yamkini inaegemea sababu. Yaelekea ina uso, maana kinachoelekea kina upande kinakokwenda. Ningependa wakufunzi wakubaliane kuzitumia kwa mpangilio, na kuifuta kabisa "labda" katika ripoti. Jibu letu basi: "Yaelekea shida ya mwalimu inatokana na sonona pamoja na athari ya dawa. Huenda pia kuna ugonjwa wa ubongo ulio mwanzoni, ambao kipimo cha mara moja hakiwezi kuukanusha." Sentensi mbili, ngazi mbili, na daktari anajua pa kukanyaga.

Sehemu ya mwisho huitwa "Mapendekezo", na hilo nalo ligawanywe. Kupendekeza kunatokana na kupenda: ninakuletea jambo nikitumaini litakupendeza, uamuzi ni wako. Kwa daktari, hilo ni neno la adabu na la haki, kwani mwanagenzi hana mamlaka juu ya cheti cha dawa. Kwa hiyo: "Napendekeza daktari aangalie upya amitriptilini, atibu sonona, na apime tezi ya shingo na vitamini B12." Lakini familia haihitaji kupendezwa. Inahitaji maelekezo, neno lenye njia ndani yake. Nalo elekezo bila mtendaji ni hewa. "Apewe msaada wa kumbukumbu" halina mtu. "Mwanawe amwandikie ratiba ya dawa na kuibandika juu ya meza ya jikoni, mama akiuliza jambo, mwanawe amdokeze kwanza kabla ya kumjibu, mama akiweka sufuria jikoni, yeye mwenyewe atege kengele ya simu": hapo kila kitenzi kina mwenyewe.

Ningeongeza kichwa kimoja ambacho ripoti nyingi hukitumbukiza katika sentensi ya tahadhari, nacho ni "Kitakachobadili jibu". Chini yake mwandishi aseme kwamba mwalimu apimwe upya baada ya miezi 9 hadi 12, kwa orodha nyingine ya maneno ili asifaidike na mazoea ya ile ya kwanza. Huzuni ikiwa imepungua, dawa imebadilishwa, na bado maneno hayakai hata kwa kudokezwa, basi "yaelekea" na "huenda" zibadilishane nafasi. Jibu lililoandikwa hivyo linamwachia mpimaji wa mwakani namna ya kulikosoa, naye hatahitaji kumtafuta aliyeliandika.